Hali fiche haifichi kila kitu

Mtu akitafuta "bei ya viazi Uyole", kesho yake "shule za bweni Tukuyu", kisha "dalili za kisukari", na siku nyingine jina la ukoo wake, hana haja ya kujitambulisha. Maneno hayo yakikaa pamoja chini ya namba moja iliyowekwa badala ya jina lake, anayeyasoma anajua mahali, kazi, familia na ugonjwa.

Ndiyo maana kuondoa jina peke yake hakutoshi. Mwaka 2006 kampuni ya AOL ya Marekani ilitoa hadharani utafutaji wa miezi mitatu wa watu zaidi ya 650,000, majina yakiwa yamegeuzwa namba. Ndani ya siku chache, waandishi wa New York Times walimtambua mama mmojawapo kwa kufuata maneno aliyotafuta.

Hali fiche ya kivinjari cha Chrome, yaani Incognito, hufuta historia kwenye kifaa ukishafunga madirisha yake yote, kwa hiyo inafaa sana kwenye kompyuta ya steshenari pale Mwanjelwa. Ila Google bado inapokea ulichoandika pamoja na anwani yako ya IP. Ukiingia Gmail humo humo, utafutaji unaweza kuhifadhiwa kwenye akaunti yako. Wengi wananaswa hapo.

Mambo ya afya yatafute bila kuingia kwenye akaunti. Ya zamani yafute kwenye `myactivity.google.com`: bonyeza Delete, chagua All time, kisha weka Auto-delete ya miezi 3. Na kabla ya kutafuta jina lako, funga madirisha fiche yote ufungue jipya, maana vidakuzi, yaani alama ambazo tovuti huacha kwenye kivinjari, vikibaki vinaweza kuunganisha jina na ugonjwa.