Somo: dovevo, ho dovuto, avrei dovuto. Sasa ulienda au hukwenda?

Habari zenu wakuu, leo tuingie kwenye dovere, potere na volere zikiwa wakati uliopita. Wakati uliopo haina shida, devo lazima, posso naweza, voglio nataka, basi. Kwenye uliopita ndo watu wanachemka, maana Mtaliano anachagua umbo kulingana na kitu kimoja tu: jambo lilifanyika au halikufanyika?

Hatua ya 1. Chukua sentensi hii ya mtu aliyeko Italia anayefuatilia kibali cha kuishi, miadi yake ya polisi ilikuwa Alhamisi: "Dovevo andare in questura alle 9, ma ho dovuto lavorare. Avrei dovuto avvisare." Dovere imetokea mara 3, na kila moja ina maana yake.

Dovevo (imperfetto) inasema tu kwamba jukumu lilikuwepo. Kama alienda au hakwenda, kitenzi chenyewe hakisemi, unasubiri sentensi iendelee. Ho dovuto (passato prossimo) inafunga mlango, alilazimika na kweli alifanya kazi. Avrei dovuto (condizionale passato) ni majuto, alipaswa kutoa taarifa na hakutoa.

Hatua ya 2. Ilete Kiswahili sasa. Mimi natafsiri hivi: "Nilitakiwa niende polisi saa tatu asubuhi, ila ikabidi nifanye kazi. Bora hata ningewataarifu." Ona hapo, "ikabidi" inafanya kazi ileile ya ho dovuto, ukisikia "ikabidi nilale hukohuko" unajua mtu alilala. "Nilitakiwa" inaacha wazi kama dovevo. Mtego upo kwenye "nilipaswa", hiyo inabeba dovevo na avrei dovuto zote mbili, kwa hiyo ukiitumia kwa avrei dovuto ongezea "ila sikufanya" au hamia kwenye -nge- kama nilivyofanya, la sivyo yale majuto yanapotea njiani.

Hatua ya 3. Potere inafuata njia hiyohiyo. Potevo uscire, nilikuwa naweza kutoka (au naruhusiwa). Sono potuto uscire, niliweza na nikatoka. Sarei potuto uscire, ningeweza kutoka ila sikutoka. Mtaani usishangae kusikia imperfetto ikitumika kwa lawama: "Potevi dirmelo!" hapo hakuna uwezo wowote unaozungumziwa, ni "si ungeniambia!"

Hatua ya 4. Volere ukiikanusha ndo utamu wenyewe. "Non voleva firmare" alikuwa hataki kusaini, inawezekana baadaye alibembelezwa akasaini. "Non ha voluto firmare" alikataa, hakusaini. Ukiandika "hakutaka kusaini" kwa zote mbili msomaji hajui karatasi ina saini au haina, na kama ni hati ya mahakama hiyo sio tofauti ndogo.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu mbona nasikia "sono dovuto andare" na pia "ho dovuto andare", ipi sahihi?

Jibu: Angalia kitenzi kinachofuata. Andare inachukua essere, kwa hiyo kwenye kuandika weka sono dovuto, na mwanamke anasema sono dovuta. Lavorare inachukua avere, basi ho dovuto. Kwenye maongezi ho dovuto andare utaisikia sana tu na hakuna atakayekushangaa. Kwa vitenzi vya kujirejea angalia kile kijineno kimekaa wapi, kikiwa mbele ni "mi sono dovuto alzare", kikigandishwa nyuma ni "ho dovuto alzarmi".

Swali: Nimekutana na "Deve aver perso il treno" nikatafsiri "lazima apoteze treni" nikachekwa 😂

Jibu: Hahaa pole. Hapo hakuna ulazima, msemaji anakisia. Ukiona deve ikifuatwa na aver au esser pamoja na kitendo kilichokwisha, mara nyingi ni makisio: "atakuwa ameachwa na treni". Kiswahili chetu kinatumia -ta- na -kuwa hapo. Ile "lazima" inaweza kukaa, lakini useme "lazima atakuwa ameachwa".

Swali: "Non devi pagare" ni usilipe au sio lazima ulipe?

Jibu: Inaweza kuwa zote mbili, muktadha ndo unaamua. "Non devi toccare" mbele ya jiko la moto ni usiguse, hamna mjadala. Kwenye pagare, kama unataka kusema sio lazima bila utata, tumia "non c'è bisogno di pagare" au "non sei obbligato a pagare". Na ukimpelekea mtu zawadi akakwambia "Ma non dovevi!" usiirudishe mfukoni, anakushukuru huyo, ni kama "jamani, ungeacha tu".