Somo: Duet, Stitch na Remix, na swichi ya kuamua nani atumie video yako

Hamjambo wapenzi. Somo hili naliandika mara moja, na kuanzia leo atakayeniuliza inboksi "dada, yule mtu amewezaje kuchukua uso wangu akauweka kwenye video yake" nitamtumia hapa. Wiki hii pekee nimeulizwa mara tano, na mara mbili kati ya hizo nilikuwa nina unga mikononi.

Tuanze na tofauti, maana wengi wanachanganya.

Duet ni video yako kucheza nzima huku mwenzio akijirekodi pembeni, juu au chini yake. Watu wanawaona nyote wawili kwa wakati mmoja.

Stitch ni mwenzio kukata kipande cha video yako kisichozidi sekunde 5, kukiweka mwanzo, halafu kuendelea na yake. Wewe unaonekana kidogo tu, kisha anaingia yeye.

Hizo mbili ni za TikTok. Remix ni ya Instagram, nimeigusa kwenye majibu huko chini.

Sasa hatua.

1. Fungua wasifu wako, gusa vistari vitatu juu kulia, ingia "Settings and privacy", halafu "Privacy".

2. Shuka mpaka uone "Duet" na "Stitch". Gusa kimoja kimoja uchague: watu wote, marafiki, au wewe peke yako. Marafiki hapa si kila anayekufuata. Ni yule anayekufuata nawe ukamfuata. Kwenye simu nyingine hizo mbili zimeunganishwa chini ya jina linalotaja "reuse of content". Kazi ni ile ile.

3. Kwa video moja tu: ifungue, gusa vidoti vitatu, "Privacy settings", zima. Ukitaka kuzima kabla hujaiposti, swichi iko kwenye ukurasa wa mwisho, pale unapoandika maelezo.

4. Chukua simu ya mtu mwingine, fungua video yako, gusa mshale wa kushea, uangalie kama kitufe cha Duet au Stitch bado kinakubali. Usijiangalie kwa simu yako. Mwenye nyumba hawezi kujua kama mlango umefungwa akiwa amekaa ndani.

5. Hatua hii ndiyo iliyoniponza, kwa hivyo nipeni nafasi.

Mimi nauza mahamri na mbaazi Majengo, na asubuhi nikishamaliza hurekodi. Mwaka jana niliweka video ya dakika moja na nusu ya kukanda unga: tui zito, iliki ya kutwanga, hamira. Katikati nilisema hivi, na nimeinakili neno kwa neno: "Kuna watu watakwambia mahamri hayataki hamira, weka maji ya moto tu yataumuka. Usiwasikize."

Kijana mmoja akafanya Stitch. Na hapa ndipo wengi hawajui: zile sekunde 5 si lazima ziwe za mwanzo. Anayekata anaburuta kidirisha popote kwenye video yako. Akakiburuta mpaka kikaanzia pale "mahamri hayataki hamira" na kuishia pale "yataumuka". Hilo "kuna watu watakwambia" likabaki nje mbele, na "usiwasikize" ikabaki nje nyuma. Kisha akaingia yeye, anagonga mahamri yake mezani ko ko ko kama kokoto, anasema ndivyo alivyofundishwa na mama wa Majengo. Watu walicheka mpaka wateja wangu wakaniletea simu dukani kunionyesha.

Nikapandwa na hasira nikafanya makosa mawili.

La kwanza, nilizima Stitch nikadhani yake itaondoka. Haikuondoka. Ile swichi inazuia wanaokuja, haiwarudishi waliokwishapita. Stitch ikishapostiwa ni video ya mwenye kuiposti, iko kwenye akaunti yake, na ni yeye wa kuifuta.

La pili ndilo baya zaidi: nilifuta video yangu. Yake ikabaki pale pale. Chini yake jina langu bado lilikuwepo, kwa sababu TikTok huliandika lenyewe kwenye maelezo, "#stitch with" na jina la akaunti. Ila aliyeligusa aje kusikia nilisema nini hasa hakukuta kitu. Nilikuwa nimechoma ushahidi wangu kwa mkono wangu. Bahati nakala ilikuwa kwenye simu, nikaiposti upya siku ya tatu, na siku ya tatu ni sawa na kumleta daktari mazikoni.

Kwa hivyo ukikatwa vibaya: USIFUTE YA ASILI. Iache, andika komenti yako ndani yake uibane juu, useme neno limekatwa na sekunde ngapi mtu asikilize. Kisha mwandikie aliyekukata, kwa adabu. Kuripoti kunafaa kama kuna matusi, vitisho au uongo unaovunja kanuni zao. Kukucheka vibaya peke yake mara nyingi hakutoshi.

Kinga yenyewe inaanza kwenye ulimi. Usitie maneno ya upotofu kinywani mwako mwenyewe, hata kama nia yako ni kuyakanusha. Siku hizi nasema tu "Kilo moja ya unga, kijiko kimoja kikubwa cha hamira" na sekunde 5 zozote utakazokata zitakuwa kweli. Na pale ninapolazimika kutaja kosa la wengine, naandika UONGO kwa herufi kubwa juu ya picha palepale wakati wa kuhariri. Maandishi yaliyochapwa kwenye video yanakwenda na kipande. Hawezi kuyaacha nyuma.

Haya, ulizeni. Someni kwanza.

MASWALI

Kijana wa Likoni: Dada sijasoma yote niko feri, nizimie wapi?

Mwandishi: Hatua ya 2. Feri ikifika ngambo utakuwa umemaliza kuisoma.

Mama Twalib: Shikamoo mwanangu. Mtoto wangu wa darasa la nane anasema simu yake imeharibika, hicho kitufe cha Duet hakipo kwenye video zake, wenzake hawawezi kuimba naye.

Mwandishi: Marahaba mama... samahani, nimejichanganya, mimi ndiye mdogo hapa, shikamoo. Simu ni nzima. Akaunti ya aliye chini ya miaka 16 haifunguliwi Duet wala Stitch na TikTok, na video zake hazipakuliwi na wengine. Akiwa na 16 au 17 inawezekana, lakini inaanzia kwa marafiki. Nakuomba usimruhusu kudanganya mwaka wa kuzaliwa ili kitufe kije. Hapo ndipo watu usiowajua wataweza kujirekodi pembeni ya uso wake.

Mama Twalib: Ahsante. Kumbe alikuwa ananizunguka ninunue simu nyingine.

Fundi Cherehani: Mimi nimezima Duet na Stitch zote mbili lakini juzi nimeona video yangu ya kukata kanzu WhatsApp. Imetokaje?

Mwandishi: Swali zuri, umenikumbusha nililosahau. Kupakua ni swichi nyingine kabisa, iko hapo hapo "Privacy", inaitwa "Downloads". Kuzima Duet hakuigusi. Na sauti yako nayo ni njia yake: mtu hugusa kile kisahani kinachozunguka chini akachukua sauti bila picha. Na hata ukifunga kila kitu, hakuna swichi ya kumzuia mtu kurekodi skrini yake. Ndiyo maana mimi huweka jina langu katikati ya picha, si pembeni. La pembeni hukatwa kama mkia.

Fundi Cherehani: Je, nikiifanya akaunti iwe ya faragha?

Mwandishi: Hapo Duet na Stitch zinakufa zote, kwa watu wote. Lakini video watazikuta uliowakubali tu. Wewe unatafuta wateja wa kanzu mwezi wa Ramadhani, utajifungia duka ndani. Kama ni mimi ningefunga "Downloads", nikaacha Duet kwa watu wote, maana Duet inacheza kazi yako nzima na jina lako liko pale. Stitch ningeiweka kwa marafiki.

Mzee Mjuaji: Mimi naona unakuza mambo. Mtu akikutania si ucheke tu, ndiyo mitandao.

Mwandishi: Nilicheka. Kisha nikauza mahamri nusu ya beseni siku mbili mfululizo. Wewe ungecheka mpaka lini?

Binti Kibokoni: Instagram je? Kule nasikia Remix.

Mwandishi: Remix ilikuja kwenye Reels mwaka 2021. Usiidhanie kuwa Stitch. Video yako inaweza kuwekwa pembeni ya yake, au ya kwako icheze kisha ifuate yake. Akaunti yako ikiwa ya wazi, tegemea kuikuta imewashwa. Ingia mipangilio, tafuta "Sharing", ndani yake kuna sehemu ya Reels na ruhusa ya kuremiksi, zima. Au kwa reel moja, vidoti vitatu. Na kule nako, zilizokwishatengenezwa usizitegemee kuondoka.

Binti Kibokoni: Na yule kijana mwishowe ulimfanyaje?

Mwandishi: Nilitaka kumjibu kwa Stitch, nikakuta yeye mwenyewe ameizima ya kwake, haya! Lakini alisahau Duet. Basi nikaweka video yake upande mmoja, anagonga mawe yake, na upande wangu nachoma kimya kimya tangu mwanzo mpaka analia "ko ko ko" na langu linafura ndani ya karai. Nilivaa hedifoni wakati wa kurekodi, vinginevyo sauti yake inatoka kwenye spika, inaingia tena kwenye maiki yako, na unapata mwangwi kama mtu aliye kisimani. Urefu haukunisumbua, Duet hufuata urefu wa video ya asili. Ya kwake ilikuwa sekunde 34, kwa hivyo nilikanda kabla, nikarekodi kuchoma tu.

Kijana wa Likoni: Nimefika ngambo, nimezima. Lakini zile za zamani walizonifanyia bado zipo.

Mwandishi: Hatua ya 5.

Binti Kibokoni: Hamira kijiko kimoja, unga kilo, na tui? Langu hujaa maji.

Mwandishi: Tui litie kidogo kidogo ukikanda, usipime kwa kikombe, unga hautofautiani na watu. Likishikana na kuacha kunata mkononi, simama hapo. Kisha lifunike, ulisahau mpaka lifure maradufu.