Homa ya mtoto usiku: namna ya kuamua kama ni kwenda sasa hivi au kungoja kukuche

Juzi saa nne usiku mdogo wangu anayekaa Pasua, hapa Moshi, alinipigia: "Dada, mtoto anaungua." Mtoto ana mwaka na miezi minane, kilo 11. Nikachukua bodaboda nikaenda. Naandika tulivyofanya, maana wiki hii nimeulizwa na wengine wawili.

Kwanza niseme: mtoto wa chini ya miezi miwili akipata homa, usifuate mwongozo huu. Nenda hospitali hata kama ni saa tisa usiku.

1. Pima joto, kisha vua nguo. Kipimajoto kwapani kilisoma 39.2. Mama mkwe alikuwa amemfunika blanketi mbili na kofia kwa sababu ya baridi ya Moshi. Tukamwacha na fulana nyepesi.

2. Dawa kwa uzito. Paracetamol ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Chupa yake iliandikwa miligramu 120 kwa mililita 5, kwa hiyo tulimpa mililita 6, sawa na miligramu 144. Pima kwa bomba lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani sivipendi, havilingani. Dozi hairudiwi kabla ya masaa manne kupita, na isizidi mara nne kwa siku. Aspirini usimpe mtoto. Andika muda kwenye karatasi.

3. Hesabu pumzi. Hapa ndipo nilipoumia mimi. Binti yangu alipokuwa na mwaka mmoja nilihesabu sekunde kumi na tano nikazidisha kwa nne, nikapata 36, nikalala. Asubuhi nesi alihesabu dakika nzima akapata 52. Mtoto mdogo hapumui kwa mwendo mmoja: anaharakisha, anatulia kidogo, anaharakisha tena. Ukikamata kipande cha kutulia, umejidanganya.

Kwa hiyo ni dakika kamili, kwa saa ya simu. Mtoto awe ametulia au amelala, si analia wala ananyonya. Akianza kulia katikati, acha, anza upya. Pandisha fulana, mulika tumbo kwa pembeni (taa ya simu usoni itamwamsha), kila tumbo linapopanda hesabu moja. Halafu rudia mara ya pili. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, 50 au zaidi ni nyingi. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Homa yenyewe nayo inaharakisha pumzi, ndiyo maana napenda kuhesabu tena kama saa moja baada ya dawa, joto likishashuka. Ukiwa hapo hapo angalia chini ya mbavu: akivuta pumzi, pakibonyea ndani, usiendelee kuhesabu, tafuta usafiri.

Saa tano na robo joto lilikuwa 38.1, pumzi 36, na mtoto anavuta simu ya mama yake. Tukaamua kungoja.

4. Kukesha. Maji kidogo kidogo, na kunyonya kila anapotaka. Kumpangusa kwa maji ya baridi sikubali, anatetemeka tu. Akipata degedege, mlaze ubavu, usimtie kitu chochote mdomoni, na muondoke.

5. Kuamua. Saa nane usiku joto lilirudi 38.9. Mdogo wangu alitaka kungoja kwa sababu namba ilikuwa ndogo kuliko ya mwanzo. Mimi sikuangalia namba. Alinyonya, akatapika. Maji vijiko viwili, akatapika. Baada ya nusu saa tukajaribu tena, yakatoka yote. Mtoto anayetapika kila kitu, asiyeweza kunywa wala kunyonya, aliyepata degedege, au aliyelegea asiamke vizuri, huyo hangoji asubuhi, hata joto likiwa limeshuka. Pumzi zilikuwa 44, mara ya pili 45.

Nikamuuliza, "Mlikwenda wapi karibuni?" Akasema wiki mbili zilizopita walilala kwa bibi Kahe. Kahe ni tambarare, kuna mashamba ya kumwagilia na mbu, si kama huku mjini. Hilo lilitosha.

Tulipata bajaji saa tisa kasoro. Kipimo cha haraka cha malaria kilionyesha anayo, na kwa kuwa alikuwa anatapika kila kitu walianza na sindano ya atesuneti. Mseto wa kumeza ulifuata alipoweza kuushikilia tumboni. Beba kadi ya kliniki, kanga ya ziada na ile karatasi ya muda, pamoja na chupa ya dawa yenyewe. Pale mapokezi swali la kwanza lilikuwa amepewa nini na saa ngapi, na mdogo wangu, kwa usingizi na hofu, alikuwa ameshasahau.