SOMO: Kulinganisha rangi za kamera mbili tofauti kwenye DaVinci Resolve

Wakuu, swali la "kamera moja inatoa sura nyekundu, nyingine inatoa sura za kijani, nifanyeje" limejibiwa humu vipande vipande hadi majibu yamepotea. Naliweka lote hapa, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Mfano wetu ni sendofu kwenye ukumbi wa Moshi mjini. Kamera A ni Sony iliyorekodi S-Log3, imewekwa mbele ya meza kuu. Kamera B ni Canon iliyorekodi picha ya kawaida ya Rec.709, biti 8, inazunguka mkononi. Juu kuna balbu za njano na pembeni kuna madirisha. Kazi ni kumfanya mtazamaji asihisi kamera imebadilika pale unapokata kutoka A kwenda B.

Amua kwanza nani anamfuata nani. Kwa rangi, B inaifuata A. Kwa weusi na weupe ni kinyume: kamera yenye uwezo mdogo ndiyo inayoweka mipaka. Canon ikishazamisha suti nyeusi hadi mikunjo haionekani, hakuna kitufe kitakachoirudisha. Unaishusha Sony kidogo ikutane nayo.

1. Msingi mmoja kwa zote mbili.

Kwenye Project Settings, upande wa Color Management, acha DaVinci YRGB na uweke Timeline color space iwe DaVinci WG/Intermediate. Nenda ukurasa wa Color, chagua klipu zote za Sony, bofya kulia, ziweke kwenye Group yake. Za Canon nazo ziwe na Group yao. Kwenye Group Pre-Clip ya kila moja weka Color Space Transform:

```
Sony:  Sony S-Gamut3.Cine / Sony S-Log3
       -> DaVinci Wide Gamut / DaVinci Intermediate
Canon: Rec.709 / Gamma 2.4
       -> DaVinci Wide Gamut / DaVinci Intermediate
```

Hapo Tone Mapping iwe None. Kisha kwenye Group Post-Clip ya makundi yote mawili weka Color Space Transform ya kutoka DaVinci Wide Gamut kwenda Rec.709 Gamma 2.4, Tone Mapping ikiwa DaVinci. Hii ya mwisho lazima ifanane kabisa kwa A na B. Ukiichezea upande mmoja tu, umevunja msingi, na kila kinachofuata kitakuwa kubahatisha.

Usishtuke weupe wa Canon ukionekana umefifia baada ya hapo. Picha yake ilishabanwa ndani ya kamera, na sasa imebanwa mara ya pili. Utaurekebisha kwenye nodi ya klipu.

2. Fungua skopu. Parade kwa usawa wa rangi, Vectorscope kwa ngozi. Kwenye mipangilio ya Vectorscope washa Skin Tone Indicator.

3. Piga Grab Still kwenye klipu nzuri ya A, ili uiweke ubavuni mwa B kwa Ctrl+W.

4. Mwanga na White Balance. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, someni taratibu.

Kosa linaloonekana kila siku ni mtu kuanza na sura. Anavuta Gamma kuelekea bluu hadi uso wa bibi harusi upendeze, kisha anakuta suti zimekuwa za bluu na kitambaa cha meza bado ni cha njano. Sababu ni kwamba hitilafu ya White Balance ni ya kuzidisha: taa ya njano imeizidisha nyekundu na kuipunguza bluu kwa uwiano uleule kuanzia kivulini hadi kwenye mwanga mkali. Dawa yake nayo lazima iwe ya kuzidisha.

Kwa hiyo kwenye klipu ya B tengeneza nodi mpya, ibofye kulia, chagua Gamma, kisha Linear. Ndani ya nodi hii gusa Gain pekee. Gain ikiwa kwenye Linear inafanya kazi kama vile umerudi ukumbini ukabadilisha mpangilio wa kamera, na weusi halisi hausogei.

Sasa tafuta kitu kimoja kinachoonekana na kamera zote mbili kikiwa kwenye mwanga uleule. Kadi ya kijivu ndiyo bora. Tuseme kwenye Parade kadi inasomeka hivi, kwa kipimo cha 0 hadi 1023:

```
        R    G    B
A      470  470  468
B      495  430  350
```

Anza na kijani, kwa sababu ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya mwanga tunaouona. Zungusha gurudumu kuu la Gain, lile linalopandisha rangi zote tatu kwa pamoja, hadi kijani cha B kifike 470. Nyekundu itakuwa imepanda hadi karibu 540, na bluu karibu 380. Sasa shusha nyekundu peke yake hadi 470, halafu pandisha bluu peke yake hadi 468. Rudia mzunguko mara ya pili, kwa sababu ndani ya DaVinci Wide Gamut ukigusa nyekundu, kijani na bluu nazo husogea kidogo.

Tahadhari mbili. Ya kwanza: kabla ya kuanza, angalia kama rangi yoyote ya B imekatika juu, yaani alama zake kwenye Parade zimelala kama mstari mnyoofu darini. Kwenye balbu za njano mara nyingi huwa ni nyekundu. Ukiishusha, eneo hilo litageuka kijivu chenye doa la samawati, na hakuna cha kurudisha. Afadhali uiache B na ujoto kidogo, uipashe A ikutane nayo.

Ya pili: marekebisho haya ni ya mwanga mmoja tu. B ikitoka chini ya balbu kwenda dirishani, nodi ileile itafanya picha iwe ya bluu. Tenganisha makundi: "Canon balbu", "Canon dirisha". Klipu za kundi moja zinaweza kunakiliwa nodi hiyo bila wasiwasi.

5. Weusi. Nodi mpya ya kawaida, Lift. Linganisha chini kabisa ya Parade kwenye suti au nywele.

6. Ngozi. Chora Power Window dogo shavuni, upande ulio na mwanga, kisha bonyeza Shift+H. Sehemu nyingine zote zinakuwa kijivu na kujikusanya katikati ya Vectorscope, inabaki ngozi peke yake. Fanya hivyo kwa A na kwa B, kwa mtu yuleyule. Angalia mambo mawili: mwelekeo wa alama ukilinganisha na mstari wa ngozi, na urefu wake kutoka katikati. Mwelekeo ukitofautiana tumia Hue vs Hue, urefu ukitofautiana tumia Saturation.

Ngozi nyeusi na ngozi ya maji ya kunde huelekea karibu upande uleule wa mstari. Zinatofautiana zaidi kwa urefu wa alama na kwa mwanga kwenye Waveform. Usimvute bwana harusi aliye mweusi alingane na MC mweupe.

MASWALI

Mdau wa Sakina: Maneno mengi mkuu. Si ubonyeze tu Shot Match?

Mtoa somo: Ipo, ijaribu. Inaangalia fremu nzima. A yako imejaa zulia jekundu, B imejaa mapazia meupe, itajaribu kuvifananisha vitu visivyofanana.

Mdau wa Majengo: Tupia LUT yako ya Canon tumalize.

Mtoa somo: LUT haijui ukumbi wako ulikuwa na balbu gani. Rudi hatua ya 4.

Dada wa Njiro: Samahani kaka, sina kadi ya kijivu kwenye kazi iliyokwisha pigwa. Nimetumia gauni la harusi kama nyeupe. Ndani ya ukumbi limekaa vizuri, lakini klipu za bustanini watu wote wamekuwa wa njano. Kwa nini?

Mtoa somo: Swali zuri sana dada. Vitambaa vingi vyeupe huwekwa dawa ya kung'arisha, ileile inayotiwa kwenye sabuni za unga. Inanyonya miale ya urujuanimno isiyoonekana na kuitoa kama mwanga wa bluu. Bustanini jua lina miale hiyo kwa wingi, hivyo gauni linakuwa la bluu kweli. Wewe ukailazimisha bluu hiyo iwe kijivu, na njano uliyoongeza ikaenda kwenye nyuso. Balbu za ndani hazina miale ya kutosha, ndiyo maana ukumbini halikukusumbua.

Habari njema ni kwamba kwa kulinganisha huhitaji kitu cheupe wala cha kijivu. Unahitaji kitu kilekile kwenye mwanga uleule. Ukiwa na ukuta wa saruji kwenye A unaosomeka 430, 410, 380, ipeleke B kwenye namba hizohizo. Usijaribu kuufanya kijivu. Na ukilazimika kutumia gauni, pima sehemu iliyo kivulini, maana satini inarudisha rangi ya zulia na taa kulingana na pembe ya kamera.

Dada wa Njiro: Nimeelewa. Ukuta upo kwenye zote, narudia leo.

Mdau wa Usa River: Mimi klipu za B weusi haushuki chini ya 64 na weupe haupiti 940, hata Lift nikiishusha inaonekana imepauka.

Mtoa somo: Hiyo siyo rangi, ni kiwango cha data. Bofya klipu kulia, Clip Attributes, Data Levels, toa Full weka Video. Futa Lift uliyoweka, kisha anza upya.

Mdau wa Kibosho: B ilikuwa Auto White Balance. Klipu inaanza vizuri, ikifika katikati inageuka.

Mtoa somo: Buruta taratibu ukitazama Parade, utaona bluu na nyekundu zikianza kuachana. Weka keyframe mwanzo na mwisho wa badiliko hilo kwenye nodi ya Linear. Badiliko likiwa la ghafla, kata klipu hapo na uirekebishe kama mbili.

Mdau wa Kibosho: Na nikiweka 5600K kwenye zote mbili siku nyingine, si zitafanana?

Mtoa somo: Hazitafanana, ila zitatulia, na kilichotulia kinarekebishika mara moja kwa kazi nzima. Kila kampuni ina tafsiri yake ya 5600K, na upande wa kijani na majenta ndiyo hutofautiana zaidi.

Mdau wa Machame: Nachangia. Kwa wanaopiga nje wakiwa na Kibo nyuma, msichukue theluji kama kipimo. Kati yako na mlima kuna kilomita nyingi za hewa, na ukungu wake unaongeza bluu. Ukiisawazisha theluji, maharusi wanakuwa wa chungwa.

Mtoa somo: Sahihi kabisa. Pimeni kitu kilicho karibu na maharusi, mlima uacheni na bluu yake. Kama A na B zimetofautiana kwenye mlima peke yake, ukateni kwa Qualifier na murekebishe huo tu, baada ya nyuso kukamilika.