Kabla ya kuendesha regresheni ya logistiki kwenye tasnifu: mfano wa udumavu Iringa

Mwanafunzi wa epidemiolojia anayekusanya data Iringa au Njombe mara nyingi huishia kwenye udumavu, na ana sababu. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2022 ulionyesha kuwa asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati wastani wa taifa ni asilimia 30. Huu ni mkoa unaolisha wengine mahindi. Jibu la utafiti wa namna hiyo ni la ndiyo au hapana, mtoto amedumaa au hajadumaa, na karibu kila msimamizi atasema, "Tumia logistiki." Ushauri huo si mbaya, ila kuna mambo ya kuyamaliza kabla hujafungua programu.

Anza na hiyo ndiyo na hapana yenyewe. Udumavu hautoki shambani ukiwa umeandikwa 1 au 0. Unatokana na urefu kwa umri, ukilinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, na mtoto ambaye alama yake ya z, yaani `haz` kwenye data, iko chini ya −2 ndiye aliyedumaa. Alama iliyo chini ya −6 au juu ya 6 ni kosa la kipimo au la tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo inaondolewa. Kwenye kugeuza namba hiyo kuwa 0 na 1 ndipo data huharibika kimyakimya. Stata huihesabu nafasi iliyo wazi kama namba kubwa kuliko zote, hivyo ukiandika tu "chini ya −2", mtoto ambaye hakupimwa urefu anaingizwa kwenye kundi la wasiodumaa. Andika hivi:

```
replace haz = . if haz < -6 | haz > 6
gen udumavu = haz < -2 if !missing(haz)
tab udumavu, missing
```

Kosa jingine ni dodoso lililoandika 1 kwa "ndiyo" na 2 kwa "hapana". Logistiki ya Stata huchukua 0 kuwa hapana na namba nyingine yoyote kuwa ndiyo, kwa hiyo itakataa na kukuambia `outcome does not vary`. Hapo angalau umeambiwa. SPSS haitalalamika: itachukua namba kubwa, yaani "hapana", kuwa ndiyo tukio linalotabiriwa, na matokeo yako yote yatageuka kichwa chini miguu juu. Soma jedwali la `Dependent Variable Encoding` kabla ya kusoma jingine lolote.

Sasa jambo lenyewe. Logistiki inakupa uwiano wa odi, na odi si sawa na asilimia. Odi ni wenye tatizo kugawanya kwa wasio nalo. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, umekwenda Kilolo ukapima watoto 400 wa miezi 6 hadi 23 katika vijiji 40. Watoto 200 jana yake walikula makundi ya chakula yasiyofika matano kati ya manane: uji wa mahindi, ugali, maharage, basi. Wengine 200 walifikisha matano. Katika kundi la kwanza wamedumaa 120, la pili 80.

Kwa asilimia, ni 60 dhidi ya 40, na 60 ukigawanya kwa 40 ni 1.5. Kwa odi, kundi la kwanza ni 120 kwa 80, yaani 1.5, na la pili ni 80 kwa 120, yaani 0.67. Uwiano wake ni 2.25. Data ni ileile na watoto ni walewale, lakini namba moja inasema moja na nusu na nyingine inazidi mbili. Ukiandika kwamba watoto wenye mlo duni "wako kwenye hatari mara 2.25 zaidi", umesema uongo bila kukusudia, na Mganga Mkuu wa Wilaya akiisoma atapanga bajeti kwa uongo huo.

Lingekuwa tatizo adimu, tusingebishana. Badili asilimia ziwe 6 na 4: uwiano wa asilimia unabaki 1.5 na wa odi unakuwa 1.53. Kadiri tatizo linavyoenea ndivyo namba hizi mbili zinavyoachana. Wengi huanza kuwa waangalifu tatizo likizidi asilimia 10, na udumavu wa nyanda za juu kusini umeupita mpaka huo zamani.

Kwa hiyo jiulize kwanza utafiti wako ni wa aina gani. Kama uliwachagua wagonjwa kisha ukatafuta wasio wagonjwa wa kulinganisha nao, uwiano wa odi ndio wako, maana asilimia za wagonjwa kwenye data hiyo umezipanga mwenyewe. Kama umepita kijijini mara moja ukapima kila aliyeangukia kwenye sampuli, na tatizo ni la kawaida, mimi ningetumia Poisson yenye makosa sanifu imara, njia ambayo Zou aliieleza mwaka 2004. Poisson ni ya kuhesabia matukio, na kwa jibu la ndiyo na hapana inakadiria mtawanyiko kupita kiasi. Hayo makosa sanifu imara ndiyo yanayorekebisha. Kwa Stata:

```
poisson udumavu i.mlo_duni i.elimu i.utajiri c.umri, irr vce(cluster kijiji)
logistic udumavu i.mlo_duni i.elimu i.utajiri c.umri, vce(cluster kijiji)
```

Hiyo `cluster kijiji` ipo kwa sababu watoto wa kijiji kimoja wanafanana: soko moja, zahanati moja, mvua moja. Ukiwa na vijiji 10 tu usiitegemee sana, kwani wigo wa asilimia 95 utatoka mwembamba kuliko unavyostahili.

Vigeu vya kurekebishia vichague kwenye pendekezo, kabla ya kuona data. Mtindo wa kuvipima kimoja kimoja na kubeba vyenye p chini ya 0.2 umezoeleka vyuoni, lakini p haijui kipi ni chanzo na kipi ni tokeo. Elimu ya mama na utajiri wa kaya hugusa mlo na udumavu pia, viingize. Uzito wa mtoto siku ya kupimwa uache, kwa kuwa nao ni tokeo la mlo huohuo. Kisha hesabu kundi dogo kati ya waliodumaa na wasiodumaa: kanuni ya kidole inataka matukio kama 10 kwa kila kigezo kinachokadiriwa, na elimu yenye ngazi nne inakula vitatu.

Kwenye sura ya matokeo, weka asilimia ghafi kwanza, 60 na 40, ndipo uwiano ambao haujarekebishwa na uliorekebishwa, na idadi ya watoto waliobaki kwenye modeli. Wakiwa 341 badala ya 400, eleza 59 wamekwenda wapi. Taja kundi la kulinganishia. Programu ikiandika p 0.000, wewe andika chini ya 0.001. Kwa data ya Kilolo kabla ya marekebisho, na tukiweka vijiji kando, sentensi ingekuwa: "Udumavu ulikuwa mara 1.5 kwa watoto wenye mlo duni ukilinganisha na wenye mlo kamili (wigo wa asilimia 95: 1.22 hadi 1.84)." Msimamizi akishikilia logistiki, mpe 2.25 (1.51 hadi 3.36), uite uwiano wa odi kila unapoutaja, na neno "hatari" usiliweke karibu nao.