Kibodi isiyo na waya ikianza kumeza herufi

Kabla hujabadilisha betri, angalia kipokezi chake kimechomekwa wapi. Yangu ilikuwa ikiruka herufi, au inarudia moja mara kumi, lakini ni pale tu nilipokuwa nikinakili mafaili kwenye diski ya nje. Kunakili kukiisha, inapona yenyewe. Hapo nikajua betri haina kosa.

Kipokezi kilikuwa nyuma ya kompyuta, chini ya meza ya chuma, ubavuni mwa tundu la USB 3 lenye hiyo diski. USB 3 ikifanya kazi hutoa kelele za redio kwenye gigahezi 2.4, masafa yaleyale ya kibodi nyingi za aina hii. Chuma nacho kinazuia mawimbi.

Dawa yake ni kebo fupi ya USB 2 ya kurefushia. Kipandishe kipokezi juu ya meza, sentimita 20 au 30 kutoka kwenye kibodi, mbali na diski na rauta. Tatizo likibaki, huenda waifai nayo inatumia gigahezi 2.4 hizohizo; ihamishie kwenye gigahezi 5. Waifai ya jirani, hiyo huna la kuifanya. Sogeza kipokezi karibu zaidi.