Somo: Serial namba, kuanzia mzigo unapoingia hadi kifaa kinaporudi

Kila wiki naulizwa: mteja kaleta kifaa kibovu, nitajuaje kama nilimuuzia mimi? Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

1. Tengeneza jedwali: serial namba, modeli, msambazaji, tarehe ya kuingia, tarehe ya kuuza, namba ya risiti, hali.

2. Kwenye Excel, safu ya serial namba iwe `Text` kabla hujaandika chochote.

3. Skani kila boksi mzigo unapoingia. Hapa ndipo nilipoharibu. Boksi huwa na bakodi zaidi ya moja. Ile ya EAN, mara nyingi tarakimu 13, ni ya aina ya bidhaa, na maboksi yote ya modeli hiyo yanayo ileile. Nilipokea redio 24, nikaskani hiyo, wala sikutazama kwamba safu nzima ilikuwa namba moja. Miezi mitano baadaye redio moja ikarudi, msambazaji akataka uthibitisho kwamba imetoka kwenye mzigo wake. Sikuwa nao, nikamlipa mteja kwa fedha yangu. Tafuta iliyoandikwa S/N. Skani maboksi mawili ya modeli moja. Namba zikifanana, umekosea bakodi. Kisha fungua boksi ulinganishe na kibandiko cha kwenye kifaa chenyewe. Zikipishana, USIUZE.

4. Ukiuza, andika serial namba kwenye risiti.

5. Kikirudi, soma namba ya kwenye kifaa, usiamini boksi. Kuna wanaorudisha kifaa kikuukuu ndani ya boksi la kipya. Ukitoa mbadala, andika namba mpya kwenye mstari wa ile ya zamani.

MASWALI

duka_jipya: Mkuu, niskani bakodi ipi?
Jibu: Hatua ya 3. Soma.

duka_jipya: Nimesoma, ila Excel inaonyesha 4.90154E+14.
Jibu: Basi hatua ya 2 umeiruka. Namba ikizidi tarakimu 15, za mwisho zinageuka sufuri na hazirudi. Weka `Text`, skani upya.

fundi_simu: Naletewa simu za mkononi kununua. IMEI inasaidia kujua za wizi?
Jibu: Swali zuri. Piga `*#06#`, linganisha na boksi na risiti ya muuzaji. Simu ya laini mbili ina IMEI mbili, andika zote. Tarakimu ya 15 ni ya ukaguzi: kuanzia kushoto, zidisha kwa mbili kila ya pili, jibu likiwa na tarakimu mbili zijumlishe, kisha jumlisha zote. 490154203237518 inatoa 60. Jumla isipogawanyika kwa 10, namba imekosewa au imebuniwa. Ikigawanyika, bado simu inaweza kuwa ya wizi, kwa hiyo iulizie kwenye orodha ya simu zilizofungiwa.

mama_majokofu: Kibandiko cha jokofu kimefutika, nifanyeje?
Jibu: Angalia ukuta wa ndani, pembeni mwa droo za mboga. Ndiyo maana mimi hupiga picha ya kibandiko siku ya kuuza.

fundi_simu: Na dukani wakiiba?
Jibu: Chuja mistari isiyo na tarehe ya kuuza, hesabu rafu. Zinazokosekana ndizo namba za kupeleka polisi.